Elfu Ishirini na Sita ni Ngapi? Barua ya Msomaji wa Habari kwa Mwalimu wa Sauti

Mwalimu wangu,

Uliniagiza nikuandikie kinachonisumbua nikiwa hewani. Ni majina kidogo, na nambari zaidi.

Chukua habari hii: "Wakulima 25,000 wamepata mbegu." Nikiisoma "wakulima elfu ishirini na tano", msikilizaji anayepika huku redio ikiwa pembeni anaweza kupata 25,000, au 20,005. Msomaji wa gazeti anaona tarakimu. Huyu ana sikio tu, na hawezi kunirudisha nyuma.

Kwa watu, sarufi hutuokoa. 20,005 ni "wakulima elfu ishirini na watano", kwa sababu hapo tano inahesabu wakulima. Katika 25,000 inahesabu maelfu, ndiyo maana inabaki "tano". Lakini sita, saba na tisa hazibadiliki. "Wakulima elfu ishirini na sita" ni 26,000 au 20,006? Na shilingi hazitusaidii hata kwenye tano.

Kwa hiyo siingii studio na tarakimu tupu. Naziandika kwa maneno, kwa mpangilio usio na njia mbili: 26,000 inakuwa "ishirini na sita elfu", na 205,000 inakuwa "laki mbili na elfu tano". Wahariri wengine huona huo ni usemi wa sokoni. Mimi naona soko limetatua tatizo letu zamani, kwa kuwa pale nambari ikikosewa mtu anapoteza fedha.

Inayobaki ngumu ni 20,006, hasa katika matokeo ya kura, ambako siwezi kusema "zaidi kidogo ya elfu ishirini". Hapo naweka mkwaju baada ya "ishirini" na kupumzika: elfu ishirini / na sita. Kisha namwomba mwenzangu ambaye hajaiona karatasi aandike kwa tarakimu alichosikia. Akiandika 26,000, kituo changu kilikuwa kifupi mno.

Majina nayo hupotea kwenye uchapaji. Lang'ata ya Nairobi hufika mezani mara nyingi bila ritifaa, na msomaji asiyeijua huitamka "ng" kama ya ngoma badala ya ile ya ng'ombe. Ritifaa naiweka kwa kalamu. Jina la mtu natanguliza cheo chake, sikio lijiandae, halafu napunguza mwendo kwenye jina lenyewe tu. Nikiipunguza sentensi nzima, jina halijitokezi.

Ninachohitaji kwako ni hiki kituo cha kwenye mkwaju. Nikishusha sauti kwenye "ishirini", sentensi inasikika imekwisha, na "na sita" inaanguka kama habari nyingine. Nikiipandisha sana, inakuwa swali. Nimekurekodia zote mbili. Niambie sauti niiache wapi, na pumzi niivute kabla ya "elfu" au baada ya "ishirini".

Mwanafunzi wako