Tagi moja, imeji mbili: seva ya Mikumi ina tundu, ya Kilosa haina

Tuseme unaendesha tovuti ya kuwekea nafasi za vyumba kwa wageni wa Hifadhi ya Mikumi. Seva moja ipo Mikumi, nyingine Kilosa mjini. Ya Mikumi uliiwasha Juni 2024, ya Kilosa Septemba mwaka huohuo. Zote ulizipa amri ileile:

```
docker pull nginx:1.26
```

Unaamini zinafanana. Kumbe Mikumi ilipata toleo 1.26.1 na Kilosa ikapata 1.26.2. Katikati, Agosti 14, nginx ilitoa toleo lililoziba tundu CVE-2024-7347, ambalo faili ya video ya mp4 iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kulitumia kuangusha nginx. Mikumi imebaki na tundu hilo.

Ilikuwaje?

Imeji hukaa kwenye ghala la mtandaoni, kama Docker Hub. Hiyo `1.26` ni tagi, yaani lebo tu. Wenye imeji wanaweza kuibandua na kuibandika kwenye imeji mpya muda wowote. Na ukiandika `docker run` pale Mikumi, Docker haiendi tena ghalani, maana tayari ina imeji yenye lebo hiyo.

Dijesti ni kitu kingine. Ni alama 64 zinazokokotolewa kutokana na imeji yenyewe, zikitanguliwa na `sha256:`. Kikibadilika hata kitu kidogo ndani, dijesti nayo inabadilika. Ili kuziona, andika hivi kwenye kila seva:

```
docker images --digests
```

Dijesti zikitofautiana, basi imeji si moja, hata kama tagi ni ileile.

Kagua, kisha weka hiyohiyo

Kabla ya kuweka imeji kwenye seva, ikague kwa Trivy, programu ya bure inayolinganisha vilivyomo ndani na orodha ya matundu yanayojulikana:

```
trivy image --severity HIGH,CRITICAL \
  --exit-code 1 nginx@sha256:<dijesti>
```

Ikikuta tundu kubwa, amri inarudisha 1, na mfumo wako wa kusambaza programu unaweza kusimama hapo. Ikipita, weka dijesti hiyohiyo Mikumi na Kilosa. Ukikagua tagi leo halafu ukaivuta kesho, unaweza kuweka imeji ambayo hukuikagua.

Usiishie hapo

Trivy inaona yale tu yaliyokwisha kutangazwa. Imeji yenye Log4j ingepita salama Desemba 1, 2021. Siku 10 baadaye, imeji hiyohiyo ilikuwa hatari inayojulikana dunia nzima, bila chochote ndani yake kubadilika.

Pia dijesti haijisasishi yenyewe. Kwa hiyo panga ukaguzi wa kila siku kwa imeji ambazo tayari zinafanya kazi. Tundu likitokea, vuta toleo jipya, likague, kisha badilisha dijesti kwenye seva zote mbili.