Karai la chipsi likiwaka, mtungi wa poda hautoshi

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa wenye vibanda vya chipsi na migahawa midogo ni hili: “Nina mtungi wa poda wa kilo 6, umeandikwa ABC. Si unazima kila kitu?” Kwa duka la nguo au la vifaa vya umeme, mtungi huo unafaa. Kwa karai lenye lita 8 za mafuta ya kukaangia, hautoshi.

Mafuta ya kupikia hayahitaji cheche ili yawake. Yakisahauliwa jikoni mpaka joto likaribie nyuzi 350 za Selsiasi, hujiwasha yenyewe, na wakati huo lita zote 8 zimeshabeba joto hilo. Poda hukata mwali kwa sekunde chache kwa sababu huvuruga mmenyuko unaouendesha moto, lakini haipoozi mafuta. Wingu la poda likitua, hewa hurudi na karai huwaka upya. Mbaya zaidi, mafuta yaliyokwisha kuungua huharibika, hivyo mara ya pili hujiwasha kwa joto dogo kuliko mara ya kwanza. Mtungi umeisha, moto bado upo. Gesi ya kaboni dayoksaidi nayo haipoozi mafuta, na kasi yake inaweza kuyarusha nje ya karai.

Moto huu una mtungi wake, wa kemikali ya majimaji. Ndani yake mna chumvi za potasiamu, kama asetati au sitrati, zilizoyeyushwa katika maji. Chumvi hizo zikigusa mafuta ya moto hugeuza tabaka lake la juu kuwa sabuni. Ni sabuni kweli, kwa mmenyuko wa jamii ileile na ule wanaoutumia kina mama wanaochanganya mafuta na kostiki soda ili wapate sabuni ya mche. Sabuni hiyo huumuka kuwa povu zito linalofunika karai, likizuia hewa isiingie na mvuke wa mafuta usitoke. Chini ya povu, maji hufyonza joto mpaka mafuta yasiweze kujiwasha tena. Poda ya ABC haiwezi kufanya hivyo, kwani fosfeti iliyomo ina asili ya asidi, na sabuni huhitaji alikali.

Wapo watakaosema: kama ndani mna maji, basi ndoo ya maji inatosha. Hapana! Maji ya ndoo huzama chini ya mafuta na kugeuka mvuke papo hapo. Lita 1 hutanuka kuwa takriban lita 1,700 na kurusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Mtungi wa kemikali hunyunyiza matone madogo sana kupitia bomba refu, nayo huishia juujuu. Unga wa ngano nao usiuguse, unawaka.

Unaponunua, tafuta herufi F kwenye lebo, au K kwa mitungi ya mfumo wa Kimarekani. Namba iliyo mbele ya F ni lita za mafuta zilizozimwa kwenye jaribio, wala si ujazo wa mtungi. Karai la lita 8 lisipewe mtungi wa 5F, chukua 25F. Jiko lenye vikaangio vikubwa huhitaji 75F. Mtungi wa poda ubaki kwa ajili ya nyaya na vitu vingine, na mitungi yote miwili itundikwe karibu na mlango, si juu ya jiko. Moto ukitokea, funga gesi kwanza kama unaifikia.

Sasa tuje kwa waganga wa mitungi, yaani mafundi bandia. Mmoja anakuja na pikipiki, anafuta vumbi, anabandika stika mpya, anadai hela. Mwingine anaongeza upepo kwa pampu ya matairi. Mshale wa geji utasimama kwenye kijani, lakini geji hupima mgandamizo tu, haijui kama poda ipo au imeganda. Upepo huo una unyevu unaogandisha poda. Fundi wa kweli hutumia naitrojeni kavu. Wengine huchanganya poda ya ABC na ya BC, ambazo zikikutana na unyevu hutoa gesi na kuganda.

Kwa hiyo, mtungi upimwe uzito mbele yako kabla na baada ya kujazwa, ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye mtungi. Kwa mtungi wa kaboni dayoksaidi, ambao kwa kawaida hauna geji, mizani ndiyo kipimo. Dai lakiri mpya kwenye pini, na lebo yenye tarehe na jina la kampuni. Ukaguzi huu ni wa kila mwaka.

Kwa Tanzania, kabla ya kutoa mtungi, uliza ofisi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iliyo karibu nawe kama inaitambua kampuni hiyo. Fundi anayekataa mizani au asiyetaka kuulizwa jina lake, usimpe kazi.