Gari la kusambazia: kununua kwa mkopo au kukodi kwa miaka mitatu

Gari la biashara lina bei mbili. Ya kwanza ni ile inayotajwa yadini, ambayo kila mtu anaijua. Ya pili hujulikana siku gari linapoondoka mikononi mwa mwenyewe, baada ya kujumlisha kila shilingi iliyotoka na kutoa ile iliyorudi gari lilipouzwa. Hiyo ya pili ndiyo bei ya kulinganisha na kodi ya gari la kukodi.

Nchini Tanzania mfanyabiashara ana njia tatu. Anaweza kununua, kwa fedha taslimu au kwa mkopo, gari likawa lake. Anaweza kukodi kwa muda mrefu, kwa kawaida miaka miwili hadi minne, akalipa kila mwezi na mwisho wa mkataba akalirudisha gari kwa mwenyewe. Njia ya tatu ni karadha, ambayo ina sheria yake tangu mwaka 2008: kampuni hununua gari, mfanyabiashara hulitumia na kulipia kila mwezi, na mara nyingi mwishoni hulimiliki kwa malipo madogo. Kwa hesabu karadha inafanana na mkopo, kwa hiyo hapa inatosha kulinganisha zile njia mbili zinazotofautiana kweli.

Mfano ni wa msambazaji wa maji ya chupa Temeke, Dar es Salaam, anayehitaji kigari cha mizigo kilichokwishatumika. Takwimu zote ni za mfano, na kila msomaji anaweza kuweka za kwake. Gari linauzwa shilingi milioni 30. Benki inataka atangulize milioni 6 na inamkopesha milioni 24 kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Upande wa pili, kampuni ya kukodisha iko tayari kumpa gari la aina hiyohiyo kwa 1,050,000 kwa mwezi, bima na matengenezo yakiwa juu ya kampuni, pamoja na amana ya mwezi mmoja itakayorudishwa mwishoni. Mafuta na mshahara wa dereva havibadiliki kwa njia yoyote, hivyo vinaachwa nje ya hesabu.

Kabla ya kitu kingine, lazima ijulikane hiyo asilimia 18 inakokotolewa juu ya nini. Ikiwa ni juu ya salio linalopungua, kila mwezi riba hutozwa kwa deni lililobaki tu. Rejesho linakuwa kama 868,000 kwa mwezi, na riba yote ya miaka mitatu inafika milioni 7.2 hivi. Ikiwa inakokotolewa juu ya mkopo wote wa mwanzo, mkopaji anaendelea kulipia riba ya milioni 24 hata mwezi wa thelathini na tano, wakati deni lenyewe limekaribia kwisha. Hapo rejesho linapanda hadi 1,027,000, na riba inakuwa karibu milioni 13. Tarakimu iliyoandikwa kwenye tangazo ni ileile 18, lakini mkopo wa pili, ukipimwa kwa kipimo cha ule wa kwanza, unatoza zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka. Njia rahisi ya kutambua ni kuomba jedwali la marejesho. Kama safu ya riba ina kiasi kilekile kila mwezi, mkopo ni wa aina ya pili.

Tuseme msambazaji amepata mkopo wa salio linalopungua. Atalipa milioni 6 za kutanguliza, marejesho ya milioni 31.2, na ada ya kufungua mkopo ya 480,000. Benki haitakubali bima ndogo. Itadai bima kubwa, na kadi ya gari itabeba jina lake pamoja na la benki mpaka deni liishe. Bima hiyo inaweza kuanzia 1,200,000 mwaka wa kwanza na kushuka kadiri thamani ya gari inavyoshuka, jumla milioni 3. Matengenezo hufuata mwendo wa kinyume: milioni 1.5 mwaka wa kwanza, 2.5 wa pili, 3.5 wa tatu, kwa sababu tairi, breki na klachi hazichakai siku moja. Jumla ya vyote ni milioni 48.2. Mwisho wa miezi 36 gari linauzwa, na baada ya kumlipa dalali mkononi inabaki milioni 16.5. Gharama halisi ya kununua, basi, ni milioni 31.7. Kukodi kunagharimu milioni 37.8. Kununua kunaonekana nafuu kwa milioni 6.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Shilingi hizo hazitoki wala haziingii siku moja. Anayenunua anatoa milioni 6 leo, fedha ambazo zingeweza kuwa katoni za maji zinazozunguka na kuleta faida kila wiki. Zile milioni 16.5 zinazompunguzia gharama atazishika baada ya miaka mitatu. Anayekodi hatoi kitu kikubwa mwanzoni zaidi ya amana. Ili kulinganisha kwa haki, kila malipo yanarudishwa kwenye thamani ya leo. Ikiwa mtaji wa msambazaji unampa angalau asilimia 1 kwa mwezi, shilingi 100 atakayopokea baada ya miezi 36 ni sawa na shilingi 70 hivi leo. Kwa kipimo hicho kununua kunagharimu karibu milioni 29.9 na kukodi karibu milioni 31.9. Tofauti imeshuka kutoka milioni 6 hadi 2. Mtu ambaye mtaji wake unazunguka kwa faida kubwa zaidi ya hiyo ataikuta tofauti imekuwa ndogo zaidi, au imegeuka kabisa.

Na kama mkopo ungekuwa ule wa riba juu ya mkopo wote, kununua kungefika milioni 34.7, yaani kukodi kungekuwa nafuu kwa karibu milioni 3. Gari ni lilelile na tarakimu ya riba ni ileile. Kilichogeuza jibu ni namna ya kukokotoa.

Kinachobaki kuamua ni bei ya kuuzia, ambayo haiandikwi kwenye mkataba wowote. Ikiwa gari litauzwa milioni 13.6 badala ya 16.5, njia zote mbili zinakuwa sawa. Chini ya hapo, aliyenunua amepata hasara kuliko aliyekodi. Swali la kununua au kukodi, kwa hiyo, linageuka kuwa swali dogo linaloweza kujibiwa kwa miguu: je, gari hili litapata zaidi ya milioni 13.6 baada ya miaka mitatu ya kubeba maji?

Jibu halipatikani kwa kukisia. Linapatikana kwa kutafuta magari ya aina hiyohiyo yaliyotengenezwa miaka mitatu mapema zaidi, na kuuliza yanauzwaje leo, si kwenye tangazo bali yanapolipwa. Bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji. Madalali wawili au watatu wasiojuana watatoa picha iliyo karibu na ukweli. Aina ambayo vipuri vyake vinapatikana kila duka na kila fundi anaifahamu hushika bei. Aina ngeni, hata ikiwa nzuri, mnunuzi huikwepa. Mzigo nao unahesabiwa. Maji ni mazito: lita moja ni kilo moja, na katoni mia moja za chupa kumi na mbili za lita moja na nusu ni karibu tani 1.8. Kigari cha kubeba kilo 1,000 kikizidishiwa hivyo kila siku, springi hulala, chesi huanza kupinda, na mnunuzi mzoefu huliona hilo kabla hajafungua boneti. Kinachosaidia upande wa mnunuzi ni kwamba magari mengi yaliyotumika huingia nchini kwa dola. Shilingi ikidhoofika, gari la kuagiza linapanda bei, na lililoko tayari mtaani linapanda nalo, wakati deni la shilingi halipandi.

Anayekodi hana wasiwasi wa bei ya kuuzia, lakini kampuni imekwisha kuikadiria na kuitia ndani ya kodi, kisha ikajilinda kwa masharti. La kwanza ni kilomita. Mkataba ukiruhusu kilomita 2,000 kwa mwezi na gari likakimbia 2,300, mwisho wa miaka mitatu kuna kilomita 10,800 za ziada. Kwa 250 kila moja hizo ni milioni 2.7, ambazo hazikuwemo kwenye hesabu ya mwanzo. La pili ni hali ya gari wakati wa kulirudisha: mikwaruzo na mabati yaliyobonyea hupimwa, na asiyepiga picha siku ya kulipokea hana cha kujitetea. La tatu, na kali kuliko yote, ni kuvunja mkataba kabla ya muda. Wapo wanaodaiwa kodi ya miezi yote iliyobaki. Kwa upande mwingine, mkataba mzuri unatoa gari la badala pindi lile linapokuwa gereji. Kwa msambazaji anayepata 100,000 ya faida kwa siku, siku tano za gereji kila mwaka ni milioni 1.5 kwa miaka mitatu, na hizo zinakula sehemu kubwa ya ule ushindi wa milioni 2.

Kodi za serikali hubadilisha hesabu kwa aliyesajiliwa tu. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 iliyomo ndani ya malipo ya kukodi ni karibu 160,000 kwa mwezi. Aliyesajiliwa anaweza kuirejesha, pamoja na ile aliyolipa kwenye gari alilonunua kwa risiti halali, na hivyo hesabu zote mbili zifanywe bila kodi hiyo. Asiyesajiliwa anaibeba yote. Anayetunza vitabu huruhusiwa pia kutoa kodi ya kukodi kama gharama, au uchakavu wa gari la mizigo lisilofika tani 7 kwa asilimia 37.5 ya salio kila mwaka. Anayelipa kodi ya makadirio kwa mauzo hapati lolote kati ya hayo.

Miezi 36 ni kipimo cha mkataba, si umri wa gari. Aliyenunua anaweza kuamua asiuze. Mwaka wa nne hana rejesho. Ana matengenezo ya labda milioni 4, bima ya 700,000, na thamani inayoshuka kwa kama milioni 2. Jumla ni karibu 560,000 kwa mwezi, dhidi ya 1,050,000 za anayeanza mkataba mpya wa kukodi. Mwaka wa tano matengenezo yanaweza kufika milioni 6, na hata hapo mwenye gari bado yuko chini. Pengo hilo hubaki mpaka injini au giaboksi idai ufunguzi mkubwa, au mpaka siku za gereji zizidi zile ambazo wateja wa maji huzivumilia.