Unyasi Mbele ya Mguu wa Kiti

Fundi seremala amemaliza kiti cha mbao na kukipiga picha mlangoni mwa karakana. Kwa ajili ya bango, anataka kionekane kimewekwa kwenye bustani yenye ukoka. Picha ya bustani anayo. Kijana anayemtengenezea bango anakikata kiti kutoka kwenye picha ya kwanza, anakiweka juu ya picha ya pili, anachora kivuli chini yake, kisha wote wawili wanaitazama kazi na kuona kwamba kuna kitu hakijakaa sawa. Ukubwa wa kiti ni sahihi na rangi zinaafikiana, lakini kiti kinaelea. Kimekaa juu ya picha kama stika.

Kinachokosekana ni kidogo sana: nyasi chache mbele ya miguu ya kiti. Watu wa grafiki wanaijua dawa hii, ila wengi huitumia vibaya. Huchukua brashi yenye umbo la majani, wakapiga mstari wa nyasi kuzunguka kitako cha kitu, na matokeo yake ni ua mdogo wa kijani ambao hakuna bustani iliyowahi kuuotesha. Kuna njia bora, na inaanza kwa kuelewa jicho linataka kuona nini.

Jicho hupima mahali kitu kilipo kwa kuangalia kinapogusana na ardhi. Mwanasaikolojia Mmarekani James Gibson alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1950 kuhusu namna tunavyouona ulimwengu: ardhi ndiyo msingi wa kupima umbali, na sehemu kitu kinapoigusa hutuambia kiko mbali kiasi gani. Ishara nyingine yenye nguvu ni kufunikana. Kitu kinachokifunika kingine kiko karibu nasi zaidi. Kivuli kinaliambia jicho kwamba kiti kiko karibu na ardhi. Unyasi unaopita mbele ya mguu, huku mwingine ukionekana nyuma yake, unaliambia jambo ambalo kivuli peke yake hakiwezi kulisema: kwamba mguu umesimama katikati ya nyasi. Mguu unaoishia kwa mstari safi juu ya ukoka, bila hata unyasi mmoja kuukatiza, jicho linaukataa, kwa sababu halijawahi kuona mguu wa namna hiyo bustanini.

Habari njema ni kwamba nyasi zinazohitajika tayari zimo ndani ya picha ya bustani. Kiti kimezifunika tu. Kazi ni kuzirudisha zile zinazostahili kuwa mbele na kuziacha zilizo nyuma. Kinachoamua ni mzizi. Tazama mahali mguu unapogusa ardhi. Unyasi ambao mzizi wake kwenye picha uko chini ya mahali hapo umeota karibu zaidi na kamera, kwa hiyo ncha yake ina haki ya kupita mbele ya mguu. Unyasi ambao mzizi wake uko juu ya mahali hapo umeota nyuma ya mguu, na lazima ufunikwe hata kama ni mrefu na unapendeza. Ukiurudisha unyasi wa nyuma, mguu utaonekana kama kioo kinachopitisha mwanga, na mtazamaji atahisi kasoro hata asipoweza kuitaja.

Sasa tufanye kazi yenyewe. Hatua ni zilezile katika Photoshop na katika GIMP, programu ya bure. Kuna tabaka mbili: bustani chini, kiti juu. Nakili tabaka ya bustani kwa `Duplicate Layer` na uisogeze nakala juu ya kiti. Kiti kitatoweka chote. Kisha ipe nakala hiyo barakoa inayoificha yote: katika Photoshop ni `Layer > Layer Mask > Hide All`, na katika GIMP ni `Add Layer Mask` ukichagua `Black (full transparency)`. Kiti kinarudi. Kuanzia hapo, kila unapopaka rangi nyeupe kwenye barakoa, nyasi halisi za bustani hujitokeza mbele ya kiti, mahali palepale zilipoota. Ukikosea, paka nyeusi na zitajificha tena.

Brashi iwe nyembamba na yenye kingo kali. Kwa picha ambayo unyasi una upana wa pikseli sita au saba, brashi ya pikseli nne inatosha. Punguza uonekanaji wa tabaka ya kiti kwa muda ili uone nyasi zilizo chini yake, kisha ufuate unyasi mmoja mmoja kutoka mzizini kwenda nchani, ukipunguza unene kadiri unavyopanda. Kosa la kawaida hapa ni brashi pana na laini. Haitoi nyasi, bali hutoa ukungu: sehemu ya chini ya mguu inayeyuka polepole kwenye kijani. Ukiona kiti kinazama kwenye moshi, brashi ndiyo ya kulaumiwa.

Zipande hadi wapi? Hapa hesabu ndogo inasaidia kuliko kukisia. Kiti chetu kina urefu wa sentimeta 45 kutoka ardhini hadi kikalio, na kwenye picha urefu huo ni pikseli 900. Kwa hiyo sentimeta moja ni pikseli 20, na ukoka wenye urefu wa sentimeta 6 utafika pikseli 120 kwenye mguu wa mbele, wala si zaidi. Miguu ya nyuma iko sentimeta 40 mbali zaidi. Kamera ikiwa mita mbili na nusu kutoka miguu ya mbele, nyasi za urefu uleule zitaonekana na pikseli 100 hivi kwenye miguu ya nyuma. Tofauti ni ndogo, lakini miguu yote minne ikifunikwa kwa kimo kimoja, kiti kinaonekana bapa.

Wala nyasi zote hazipandi hadi kimo hicho. Kamera iliyoshikwa mita 1.2 juu ya ardhi inaangalia chini kwa mshazari. Unyasi ulioota ukigusana na mguu unafunika sentimeta 6 kamili. Ulioota sentimeta 5 mbele yake unafunika chini ya 4, na ulioota sentimeta 13 mbele haufuniki chochote, kwa sababu mstari wa jicho unapita juu ya ncha yake na kugusa ardhi kabla ya mguu. Ndiyo maana ukingo wa nyasi halisi kwenye mguu haunyooki kamwe: mmoja unafika juu, mwingine katikati, wa tatu unaishia kwenye kitako. Ukifuata nyasi za kwenye picha, mchanganyiko huo unakuja wenyewe. Ukizichora kwa brashi ya majani, unapata safu yenye kimo kimoja.

Baada ya umbo, angalia mwanga. Katika bustani yetu jua linatoka kushoto, nyuma kidogo ya kiti, kwa hiyo kivuli kinaangukia kulia na kuja upande wa kamera. Nyasi tulizorudisha mbele ya mguu wa kulia zilipigwa picha kabla ya kiti kuwapo, na bado zinang'aa kwa jua. Lakini sasa ziko ndani ya kivuli cha kiti, na unyasi unaong'aa ndani ya kivuli husaliti kazi nzima. Weka tabaka mpya juu ya nyasi hizo, ipe hali ya `Multiply`, chukua rangi ya kijani kilichokolea kutoka kwenye kivuli cha mti uliomo kwenye picha hiyohiyo, na uzitie giza hadi zilingane nacho. Usitumie nyeusi tupu. Kivuli cha mchana bado kinapokea mwanga wa anga.

Mguu wenyewe pia unahitaji kuguswa. Sentimeta chache za chini zimezungukwa na nyasi zinazozuia mwanga, kwa hiyo zinapaswa kuwa na giza kidogo, hasa kwenye nafasi kati ya nyasi moja na nyingine. Juu kidogo ya hapo, mti wa rangi nyepesi hupokea kijani kinachoakisiwa na ukoka. Tia kijani hafifu sana, kiasi kwamba hukioni mpaka uizime tabaka na kuiwasha tena.

Kuna bustani ambazo hazina nyasi za kutosha mahali unapozihitaji: ukoka umefyekwa, au kiti kimeangukia penye kipara. Hapo lazima uazime. Azima kutoka kwenye picha hiyohiyo, na usogee kushoto au kulia, si juu wala chini. Nyasi zilizo kwenye mstari mmoja wa ulalo ziko karibu umbali mmoja na kamera, kwa hiyo zina ukubwa mmoja na ukali mmoja. Ukivuta unyasi wa mbele kabisa, ambao kamera iliuacha na ukungu, ukauweka kwenye mguu ulio katikati ya fokasi, utaonekana umetoka picha nyingine. Na usiugeuze kama kwenye kioo bila kufikiri, maana upande wake wenye jua utageuka pia.

Pasipo na ukoka, majani makavu yanafanya kazi hiyo. Chini ya mwembe, jani moja lililolala mbele ya mguu na kuufunika kidogo linatosha, mradi liwe na kivuli chake chembamba upande uleule wa vivuli vingine. Jani jingine lichungulie kutoka nyuma ya mguu huohuo. Majani yote yakiwa mbele, mtazamaji atauliza yanaficha nini.

Uzito nao una sheria zake. Mguu mwembamba wa kiti huruhusu nyasi kusimama zikiugusa. Tairi la pikipiki huzilaza, na tangi la maji la lita 1,000 huziponda kabisa, zikabaki zilizo pembeni tu, zimeinama kuelekea nje. Nyasi zilizosimama wima kuzunguka tangi zinasema kwamba tangi halina kitu, au halipo.

Kupima kazi, ipunguze picha hadi ilingane na kidole gumba kwenye skrini: kiti kikiendelea kuelea, tatizo ni kivuli au kimo cha nyasi. Kisha ikuze hadi pikseli moja ya picha iwe pikseli moja ya skrini na ukague kingo. Mwisho ondoa rangi zote kwa muda. Nyasi zenye mwanga usiofaa, zilizojificha ndani ya kijani, zitajitokeza mara moja.

Dawa hii ina mpaka wake. Nyasi haziwezi kurekebisha kiti kilichopigwa picha kutoka kimo kingine cha kamera. Ikiwa karakanani fundi alipiga akiwa amesimama, na bustani ilipigwa na mtu aliyechuchumaa, kikalio kitaonyesha uso wake mpana ilhali ardhi inaonekana kwa mshazari mdogo, na mgongano huo utabaki hata ukoka ukifika magotini. Dalili ni rahisi kuijua: unajikuta unaongeza nyasi, kisha nyingine, na bado haukai. Hapo acha kuongeza. Rudi karakanani, shusha kamera hadi kimo cha ile ya bustani, na ukipige kiti picha upya. Kiti kilichopigwa vizuri huhitaji nyasi chache tu kwa kila mguu.