Usiku wa filamu unapofifia

Filamu iliyotengenezwa kwa mwangaza wa niti 4,000 ikifika kwenye televisheni yenye uwezo wa niti 600, lazima mwanga upunguzwe. HDR10 ya kawaida hubeba maelezo ya aina moja kwa filamu nzima: kilele ni 4,000. Basi hata tukio la usiku, ambalo taa yake kali haizidi niti 200, huenda likafifishwa bure.

Dolby Vision na HDR10+ hutuma maelezo tukio kwa tukio, na usiku huo huachwa ulivyo.

Televisheni hutambua mfumo yenyewe. Kazi ya mtazamaji ni kuchagua hali ya picha. Dolby Vision Dark hufaa chumba chenye giza, Bright mchana. Samsung haina Dolby Vision, hivyo hapo atafute filamu za HDR10+. Kwenye televisheni yenye mwangaza mkubwa, tofauti hupungua sana.