Sinema Inavuma, Maneno Hayasikiki

Risasi zinalia, muziki unatikisa kabati, lakini shujaa akifungua mdomo hakuna anayeambulia neno. Mwenye nyumba anaongeza sauti, na kinachoongezeka ni kelele tu.

Katika seti ya spika tano na sabufa, mazungumzo ya filamu karibu yote hutoka kwenye spika ya katikati, nayo ndiyo inayowekwa popote penye nafasi. Tuchukue sebule ya mita 4 kwa 3.5: sakafu ya marumaru, kuta za plasta, dari la jipsamu, madirisha mapana ya vioo. Spika imesukumwa ndani kabisa ya tundu la kabati, chini ya televisheni, ikitazama magoti ya watu.

Kabla ya kununua chochote, cheza kipande cha filamu ambacho watu wanaongea bila muziki. Chuchumaa mita moja mbele ya spika usikilize, kisha rudi kwenye sofa. Sauti ikiwa ya pipa hata pale karibu, shaka ya kwanza ni kabati. Ikiwa karibu ni safi lakini kwenye sofa inavurugika, ni chumba. Katika sebule kama hii, mara nyingi ni vyote viwili.

Tuanze na kabati, kwa kuwa halina gharama. Sauti inagonga ubao wa rafu ulio mbele ya spika na kurudi, huku tundu lenyewe likivuma. Ivute spika hadi uso wake ulingane na ukingo wa rafu, au uchomoze kidogo. Kisha inyanyue kwa mbele kwa vipande vya mpira mpaka ielekee masikio, ambayo kwa mtu aliyekaa huwa kama mita moja kutoka sakafuni.

Chumba ni kazi zaidi. Herufi kama s, f na t hutamkwa kwa sauti fupi na hafifu. Irabu zina nguvu. Penye kuta tupu, irabu inaendelea kuzunguka na kuifunika konsonanti inayofuata. Ukiongeza sauti, mwangwi nao unapanda kwa kiasi kilekile. Piga kofi moja katikati ya sebule: ukisikia mlio unaotetema baada yake, kuta zinarushiana sauti.

Tandika zulia nene kati ya kabati na sofa, na utundike mapazia mazito yenye mikunjo mingi, yafunike vioo vyote wakati wa filamu. Yale ya kitambaa chepesi hayafui dafu, wala trei za mayai ambazo watu hupenda kubandika ukutani.

Hapo ndipo uingie kwenye mipangilio na kuipandisha spika ya katikati desibeli 2 au 3. Ukianzia huko, unaupa nguvu mwangwi uleule.