Kwa Nini Mawazo Hurudi Saa Tisa Usiku

Wanaokunywa ili kupunguza mawazo husema pombe inawasaidia, na hawasemi uongo. Dakika chache baada ya glasi ya kwanza kifua hulegea, na deni au msiba uliokuwa umekaba koo huonekana uko mbali. Madhara huja saa kadhaa baadaye, wakati mnywaji hadhani tena kuwa pombe ya jioni inahusika.

Katika ubongo kuna kemikali mbili zinazovutana. GABA hutuliza seli za neva, glutamati huziamsha. Pombe huipa nguvu ya kwanza na kuibana ya pili, ndipo hofu inapopungua. Lakini ubongo hutafuta kujisawazisha, kama wavuvi kwenye ngalawa: mmoja akiegemea kushoto, wenzake huegemea kulia. Yule wa kwanza akiondoka ghafla, chombo hulalia upande wa kulia. Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Marekani, Richard Solomon na John Corbit, walieleza kanuni hiyo: hisia iliyochochewa kwa nguvu huzaa hisia pinzani, nayo huchelewa kuja, huchelewa kuondoka, na hukua kadiri jambo linavyorudiwa.

Chukua mfano wa fundi aliyefiwa na mkewe. Saa moja jioni, nyumba inapokuwa kimya, anafungua bia. Anamaliza chupa tatu za mililita 500, zenye kilevi cha asilimia 5. Hizo zina takriban gramu 60 za pombe halisi, na ini la mtu mzima kwa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa hiyo pombe itamwisha mwilini kati ya saa saba na saa kumi usiku. Hapo kitulizo kimeondoka, ila ubongo bado umeegemea upande wa kuamka. Anashtuka usingizini, moyo unakwenda mbio, na huzuni ya kufiwa na mkewe imeongezewa hofu isiyo na sababu. Asubuhi anaamini kuwa majonzi yake yamezidi, na jioni anaona ana haki ya kuongeza chupa ya nne. Akianza kuzimua asubuhi, duara limefunga: sasa anakunywa kutuliza dhiki ambayo sehemu yake imeletwa na pombe yenyewe.

Duara hili ni gumu kuliona kwa sababu nafuu huja upesi na adhabu huja baadaye. Linaonekana likiandikwa. Kwa wiki mbili, kabla ya kunywa, andika mambo matatu: ni saa ngapi, nini kimetokea muda mfupi uliopita, na unahisi nini hasa. Kesho yake ongeza jinsi ulivyolala na hali yako ya asubuhi. Fundi wetu angegundua kwamba kiu yake haimjii akiwa kazini, bali kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, akiwa peke yake, na kwamba asubuhi zake mbaya zaidi hufuata usiku aliokunywa zaidi.

Akishajua saa, anaweza kuijaza. Anaweza kula mapema, kwenda kwa dada yake jioni hizo, na kumtaja mkewe kwa jina badala ya kusema tu kwamba amechoka. Hamu ikimpanda, aitazame bila kuitii: hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Kila inaposhuka bila pombe, ubongo hujifunza kuwa huzuni inaweza kuvumilika.

Mbinu za aina hii zimejaribiwa Eldoret, Kenya, miongoni mwa watu wanaoishi na VVU waliokuwa wakinywa kupita kiasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, vikundi vilikutana mara sita, mara moja kwa wiki, vikiongozwa na watu waliofunzwa kazi hiyo ambao si madaktari. Washiriki walichambua vichocheo vya unywaji na kufanya mazoezi ya kukataa kinywaji. Waliopata mafunzo hayo walipunguza pombe kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida pekee.

Kuna mpaka mmoja ambao haufai kuvukwa peke yako. Anayekunywa sana kila siku, ambaye mikono hutetemeka au jasho humtoka akikosa pombe, asiache ghafla nyumbani. Ubongo wake umeegemea mno, na ndani ya siku mbili au tatu anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa kunakoweza kuua. Aende hospitali aseme kiasi anachokunywa, bila kupunguza hesabu, ili apewe dawa na kuachishwa hatua kwa hatua. Na asichanganye pombe na vidonge vya usingizi kama Valiamu: vyote viwili huipa nguvu GABA ileile, na kwa pamoja vinaweza kusimamisha pumzi.